Ujumbe Mfupi au Kadi Ndefu? Haki ya Mwenzako Kazini Siku Yake ya Kuzaliwa



Ndugu wasomaji, swali la safari hii laweza kuonekana dogo. Mwenzako kazini ametimiza mwaka mwingine. Ofisi ina shughuli nyingi, watu wanasubiri kwenye benchi, na gari linakaribia kuondoka. Unaweza kumtumia ujumbe wa maneno manne ukiwa bado umesimama mlangoni. Unaweza pia kununua kadi, ukaketi, ukamwandikia. Ipi kati ya hizo mbili ndiyo haki yake?

Wengi wetu tutamaliza masomo tuingie maofisini, na baadhi tumeshayaonja maisha hayo kwenye mafunzo ya vitendo. Mimi nilifanya yangu katika ofisi moja iliyoko Kakiika, hapa Mbarara, ambayo wafanyakazi wake wanahudumia makazi ya wakimbizi ya Nakivale kule Isingiro. Asubuhi gari huondoka na watu na mafaili, jioni hurudi na vumbi. Nilikabidhiwa kazi ndogondogo, na mojawapo ilikuwa kutunza orodha ya siku za kuzaliwa za wafanyakazi. Orodha hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu, na ninachokiandika hapa ni nilichokipata kati ya orodha na vitabu.

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu kusherehekea siku ya kuzaliwa. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa mufti mkuu wa Saudia, aliikataa, akaiona ni uzushi na kuwaiga wasiokuwa Waislamu. Darul Iftaa ya Misri inaiona kuwa ni desturi tu, na inairuhusu maadamu haina haramu ndani yake. Siandiki ili niamue kati yao, na kila mmoja wetu ana mwalimu anayemfuata. Lakini hata asiyesherehekea hawezi kulikwepa swali. Orodha iko ukutani, wenzake wanamtazama, na siku yake ikifika wao watamsalimia. Kumwombea mtu dua na kumshukuru kwa wema wake hakuhitaji keki wala mishumaa. Kwa hiyo ninazungumzia maneno tunayompa mwenzetu, na sherehe yenyewe naiacha kwa wenye elimu.

Pengine mtu atauliza kama mfanyakazi mwenza ana haki yoyote kwetu zaidi ya salamu ya asubuhi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anaamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini, jirani wa karibu na wa mbali, kisha anamtaja mwenza aliye ubavuni. Baadhi ya wafasiri wamesema huyu wa mwisho ni mwenza wa safari, na wengine wakamwingiza mwenza katika masomo au katika kazi. Mtu unayeketi naye meza moja kutwa nzima, unayepanda naye gari moja kwenda Nakivale na kurudi, yuko ubavuni mwako kwa maana iliyo wazi kabisa. Wala aya haikuweka sharti kwamba awe wa dini yako. Ofisini kwetu kulikuwa na Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana na walokole, na wote walikuwa ubavuni.

Haki hiyo ina sura gani? Hapa Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, anatusaidia sana. Katika Ihyaa Uluumiddiin kuna kitabu kizima kuhusu udugu na usuhuba, na ndani yake anahesabu haki nane za ndugu juu ya ndugu yake. Anaanza na mali na anaishia na wepesi. Sitazipitia zote. Tatu kati yake zinagusa swali letu moja kwa moja, na uzuri wake ni kwamba zinavutana.

Haki ya tatu ni ulimi kunyamaza: usizitaje aibu zake, usiichunguze siri yake, usimweke mahali asipopenda kuwekwa. Haki ya nne ni ulimi kusema: ukimpenda mwambie, ukiona jema lake litaje, furaha yake uionyeshe kwamba imekufikia. Haki ya nane ni kumpunguzia mzigo na kuacha kujikalifisha wewe na kumkalifisha yeye. Neno letu la kukalifisha limetoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu alioutumia Imam, na maana yake tunaijua vizuri majumbani: ni ile ziara ya mgeni inayomfanya mwenyeji akakope sukari.

Sasa uangalie ujumbe na kadi kwa macho ya haki hizo tatu. Kadi inaelekea kwenye haki ya nne, kwa sababu ina nafasi ya kusema. Ujumbe mfupi unaelekea kwenye haki ya nane, kwa sababu haumlemei mtu. Ile haki ya tatu, ya kunyamaza, huwa tunaisahau katika yote mawili. Ndiyo maana anayesema kwamba kadi daima ni bora kwa kuwa imegharimu zaidi amepima kwa haki moja tu, na anayesema ujumbe watosha kwa kuwa sote tuna kazi naye amepima kwa moja tu.

Tuanze na ujumbe, tena kama unavyotumwa kweli. Ofisini kwetu afisa utumishi aliweka jina na picha ya keki katika kundi la WhatsApp mapema asubuhi. Ndani ya nusu saa zilifuata salamu nyingi. Mtu anaweza kuzijua zilizotumwa bila kufikiri kwa alama moja: wa kwanza akikosea herufi katika jina la mwenye siku, walio chini yake nao wanakosea herufi ileile, kwa sababu wamebonyeza, wakanakili, wakabandika. Mwenye siku naye hujibu mara moja tu kwa wote, anashukuru, na jambo limekwisha. Hakuna aliyedhulumiwa, lakini pia hakuna aliyesalimiwa. Kilichosalimiwa ni orodha.

Hata hivyo tusiudharau ujumbe. Umefichika ukitaka, unafika kwake peke yake. Unamkuta popote, hata akiwa Rubondo au Juru, na unamsubiri mpaka mtandao urudi. Haumdai kitu. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam), katika hadithi aliyoipokea Muslim, alikataza tudharau jema lolote, hata lile la kumkuta ndugu yako kwa uso wa bashasha. Uso wa bashasha ndio salamu fupi kuliko zote, hauna hata neno moja. Basi ufupi peke yake si kasoro. Ujumbe wa mstari mmoja uliosema, "Leo namshukuru Mungu kwa yule aliyenifundisha kuandika ripoti bila kuogopa," una maneno machache kuliko kadi nyingi za dukani, na hakuna mtu mwingine ofisini ambaye ungeweza kupelekewa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokipendekeza: je, salamu hii ingeweza kwenda kwa mtu mwingine bila kubadilisha neno? Kama ingeweza, bado hujamsemesha mtu huyu, hata ukiiandika kurasa mbili.

Tuje kwenye kadi. Kadi ya ofisi nayo ina mwendo wake. Inanunuliwa katika duka la karatasi mjini, inawekwa ndani ya faili la kahawia ili mwenyewe asiione, kisha faili linazungushwa meza hadi meza. Anayeanza huandika kwa herufi kubwa katikati. Wa mwisho hujibana pembeni, akigeuza kadi ili afuate ukingo. Kwa kuwa kila mmoja anasoma kilichoandikwa kabla yake, na nyuma yake kuna anayengoja faili, wengi hurudia walichokikuta. Mwisho wake kadi ina sahihi nyingi na salamu moja. Urefu wake ni wa karatasi tu.

Pamoja na kadi huja mchango. Shilingi 2,000 si nyingi kwa mkuu wa kitengo, lakini kwa anayejitolea, au kwa mhudumu wa usafi, siku tatu za kuzaliwa katika mwezi mmoja ni nauli ya boda boda ya siku kadhaa. Hawezi kukataa hadharani bila kuonekana mchoyo. Hapo tayari tumeivunja haki ya nane kwa jina la kuitimiza ya nne. Ipo pia mizani ya uadilifu. Kadi ya bosi hujaa aya ndefu zenye sifa. Askari wa getini hana kadi kabisa, kwa sababu ameajiriwa na kampuni ya ulinzi na jina lake haliko katika orodha ya ofisi, ingawa ndiye wa kwanza kutusalimu kila asubuhi. Katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba alimpa mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Hukumu hiyo ni ya watoto, siipeleki ofisini kama hukumu. Lakini sababu inayoonekana ndani yake, kwamba zawadi yaweza kuharibu mioyo ya wasiopewa, haikomei nyumbani.

Tena kadi inamwachia aliyeipokea deni. Katika Suratun Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukisalimiwa kwa maamkizi yoyote tujibu kwa yaliyo bora zaidi au tuyarudishe kama yalivyo. Wafasiri wanaizungumzia hasa salamu yetu ya amani. Ila ukiitafakari utaona kwamba inamtazama anayepokea, na inatukumbusha kuwa kila salamu inaanzisha jambo ambalo mwingine atatakiwa kulimaliza. Ukimpa mtu salamu nyepesi, jibu lake ni jepesi. Ukimpa nzito mbele ya watu, umemwekea kazi. Dalili ya kwamba umemlemea utaiona papo hapo: kabla hajamaliza kusoma, anakuuliza tarehe yako ni lini, au anaanza kuomba radhi kwamba yeye hakukuandalia kitu.

Mpaka hapa ningeweza kusimama na kusema kila mtu achague kwa busara. Lakini orodha niliyopewa ilikuwa na jambo jingine, na jambo hilo ndilo lililoonyesha tatizo lote lilivyo.

Katika orodha hiyo wafanyakazi watano walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Wote watano walikuwa wamewahi kuwa wakimbizi au bado ni wakimbizi. Anayeyajua mambo ya Nakivale hatashangaa. Makazi yale yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuanzia Wanyarwanda, na leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Uandikishaji hufanywa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na shirika la umoja wa mataifa la wakimbizi, UNHCR. Fomu inataka siku, mwezi na mwaka. Anayekuja anaweza kuwa anajua mwaka tu, au hata mwaka anaukadiria, na mazoea ya uandikishaji wa namna hiyo ni kujaza 1 Januari. Kuanzia hapo tarehe hiyo humfuata kwenye kadi yake, shuleni, benki, na hatimaye kwenye orodha ya ofisi inayompa kazi.

Basi kila mwaka, tarehe 1 Januari, salamu za watu watano huja kwa pamoja. Siku yenyewe ni sikukuu ya umma, ofisi imefungwa, na simu zimejaa salamu za mwaka mpya. Kadi haiwezi kukabidhiwa mpaka ofisi ifunguliwe. Na aliyetuma ujumbe kwa wakati, kwa nia njema kabisa, ametuma heri kwa siku ambayo mwenziwe hakuzaliwa. Mmoja wa hao watano, mkalimani, aliniambia kwa upole siku nilipomuuliza kama orodha iko sawa: "Ndugu yangu, ile ni tarehe ya mashine. Mama yangu haijui."

Mama yake alikuwa na namna nyingine ya kuhesabu. Alimwambia kwamba alizaliwa wiki ile mlima uliposhuka. Mtu wa Goma hahitaji maelezo zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu kwa malaki wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi nchini Rwanda. Mama huyu alivuka akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa upande wa pili siku chache baadaye. Kwa hiyo faili lina tarehe kamili isiyo ya kweli, na mama ana tarehe ya kweli isiyo kamili.

Sisi tunaosoma sira tusiione hesabu ya mama huyu kuwa ni ya watu wasiosoma. Mtume wetu amezaliwa Mwaka wa Tembo. Waarabu waliuita mwaka kwa tukio lililowapata, kama mama wa Goma alivyofanya. Siku ya mwezi wanavyuoni wameitofautiana: iliyo mashuhuri ni 12 Rabiul Awwal, na wapo waliosema 8 au 9. Alichokitaja yeye mwenyewe, katika hadithi ya Abu Qataada iliyomo katika Sahihi Muslim, ni kwamba Jumatatu ndiyo siku aliyozaliwa, na alilisema hilo alipoulizwa kuhusu kufunga siku hiyo. Fikiria jambo hili. Siku hiyo aliikumbuka kwa kufunga, yaani kwa kumshukuru aliyemuumba, na hakuna aliyelemewa nayo. Kutojulikana kwa tarehe hakukumpunguzia kitu, na siku yenyewe hakuifanya kuwa dai juu ya watu.

Turudi kwa mkalimani, tulipime swali letu kwake. Ungemtumia nini, na lini?

Ujumbe wa tarehe 1 Januari unaanguka katika kipimo cha kwanza. Ni uleule waliopelekewa wenzake wanne. Tena kwake yeye una uchungu kidogo, kwa kuwa unamkumbusha kwamba mashine ndiyo iliyomtaja. Hatalalamika, atajibu "asante sana", kwani amezoea.

Basi tuseme tumwandikie kadi ya ofisi, ndefu, yenye kisa chote: mlima, mpaka, mama. Ingekuwa na maneno ya kweli yanayomhusu yeye peke yake. Lakini hapa ile haki ya tatu inasimama mlangoni. Kadi ya ofisi inasomwa na kila anayeitia sahihi. Kisa cha mtu alivyokimbia ni mali yake, na mkimbizi amekwisha kukisimulia mara nyingi mbele ya watu wenye kalamu: kwenye mapokezi, kwenye usaili, kwenye uhakiki. Kukizungusha ndani ya faili la kahawia, hata kwa mapenzi, ni kumrudisha kwenye ile meza. Hapo urefu wa kadi unageuka kuwa dhara. Na wafanyakazi wa ofisi kama ile wamefundishwa kutunza siri za wanaowahudumia; ingekuwa ajabu kuitunza siri ya mteja na kuimwaga ya mwenzao.

Kwa hiyo nilimwandikia mimi peke yangu, kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili, na sikumwambia mtu ofisini. Nilimpa katikati ya Januari, katika wiki ya mama yake, baada ya kazi, tukisubiri gari. Hakukuwa na mchango wala keki. Yeye mwenyewe ameniruhusu niyanakili hapa, bila jina:

"Kaka, siku hasa siijui na sitaki kuibuni. Najua kwamba wiki kama hii mama yako alivuka akiwa na wewe. Mwezi uliopita nilikuona ukimfasiria mama mmoja, na alipolia hukumalizia sentensi yake, ulimngoja mpaka akaimaliza mwenyewe. Nimejifunza kungoja kutoka kwako. Mungu amhifadhi mama yako, akupe umri wenye manufaa. Karatasi hii haina jibu. Kesho tutakunywa chai kama kawaida."

Alisoma, akaikunja, akaiweka katika mfuko wa shati. Alisema, "Hii nitamsomea mama," kisha tukazungumza habari za gari.

Tuichambue kidogo. Kwa urefu si ujumbe wala si kadi ya dukani. Sentensi ya kwanza inakataa kusema uongo. Ya pili inataja kile anachokijua yeye na mama yake, na hakisomwi na mwingine. Ya tatu na ya nne zinatimiza haki ya nne, kwa kutaja jema moja lililoonekana kwa macho, mahali pake na wakati wake. Hazisemi kwamba yeye ni mtu mwema sana mwenye bidii, sifa ambayo ingemfaa yeyote. Ya tano ni dua. Mbili za mwisho zinafuta deni, ili haki ya nane isivunjwe. Kuiandika kulichukua kama dakika ishirini, usiku, nyumbani.

Hilo la usiku nyumbani nalo lina uzito. Katika ofisi yenye kazi nyingi saa za kazi ni amana. Ukiketi saa nne asubuhi kumpambia mwenzako kadi, huku mama ametoka Nakivale alfajiri na yuko kwenye benchi akisubiri karatasi yake igongwe muhuri, wema wako unalipwa na yule mama. Yeye hajaulizwa kama anachangia. Wakati wa namna hiyo ujumbe mfupi ndio haki hasa, na anayeutuma kwa sababu hiyo hajapungukiwa na mapenzi. Tukichelewa siku moja au wiki moja kuandika kilicho kizuri zaidi, hakuna aya wala hadithi tuliyoivunja. Anayejua kwamba hata tarehe iliyo kwenye faili yaweza kuwa ya mashine hatakuwa mtumwa wa tarehe.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Mtu atasema: wenzangu ofisini ni thelathini, siwezi kumjua kila mmoja kiasi hicho, na nikimwandikia mmoja nimewabagua ishirini na tisa. Ni kweli. Jibu langu ni kwamba usawa unaotakiwa ni katika kile kinachoonekana na wote. Kama ofisi inatoa kadi hadharani, basi itoe kwa wote, na askari wa getini na mhudumu wa usafi wamo, ama isitoe kwa yeyote, na mchango uwe wa siri au usiwepo. Lakini kile ulichokiona wewe kwa mwenzako na kukitaja kwake faraghani hakimnyimi mwingine kitu. Hata masahaba Mtume alimwambia kila mmoja neno linalomfaa, na alimwambia Mu'adh kwamba anampenda, kama ilivyopokewa na Abu Daud, bila ya hilo kuwa dhuluma kwa waliobaki. Kwa yule usiyemjua vizuri, uwe mkweli: mtumie ujumbe mfupi wenye dua, usijifanye unamjua. Urefu usio na ujuzi ndani yake ni takalufu, na mwenyewe ataihisi.

Basi, ndugu zangu, mtakapokuwa na orodha yenu ukutani, jiulizeni mambo matatu kabla ya kushika simu au kalamu. Nina lipi la kweli la kumwambia mtu huyu ambalo si la mwingine? Kuna lipi analotaka linyamaziwe, na nani mwingine atasoma? Na nitakapompa, nitakuwa nimemwongezea mzigo au nimempunguzia, yeye na wale wanaosubiri huduma yangu? Ukiwa na la kusema, na ni la faragha, andika kwa mkono, umpe mkononi. Ukiwa na la kusema na linatosha mstari mmoja, tuma mstari huo kwake, usiupeleke kwenye kundi. Usipokuwa na la kusema, muombee dua asipokuwepo. Hadithi iliyomo katika Muslim inatufundisha kwamba malaika huitikia amin, na kumwombea anayeomba mfano wake. Dua hiyo haina kadi wala mtandao, hailemei mtu, na haijali faili limeandikwa tarehe gani.

Wallahu aalam.